Herufi Moja

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza. Plasta haikauki. Umbo la mguu wa bandia tulilomimina Ijumaa bado ukilibonyeza linaacha alama ya kidole. Fundi Mkuu amenuna kama vile mvua imenyesha kwa idhini yangu mimi karani.

Jumanne, 5 Machi
Mvua. Wagonjwa wawili tu. Nimepanga majalada.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua bado. Binti yangu kaniuliza mbona nimeanza kuandika tena kwenye daftari hili. Nimemwambia ni kwa sababu ya mvua. Ukweli ni kwamba kesho inatimia miaka miwili tangu baba yake afariki, na nikiacha mikono bila kazi inatafuta kazi mbaya.

Ijumaa, 8 Machi
Hakuna aliyekumbuka kazini. Sikumkumbusha mtu.

Jumanne, 12 Machi
Leo nina mengi.

Saa tatu asubuhi kwenye simu ya karakana uliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Kasuku. Kasuku ni mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo. Tulimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Mwaka jana alikwenda kusoma ng'ambo, katika mji anakoishi Bibi Vipimo. Ujumbe wake leo ulikuwa mfupi, na hilo peke yake lilinitia baridi. Alikuwa analia. Alisema: "Jamani, Bibi Vipimo amefiwa na mwanawe. Ni gari. Mazishi ni Jumamosi. Mwandikieni, tafadhali, mwandikieni." Kisha kelele za barabarani, kisha kimya.

Niliweke wazi humu kwa ajili yangu mwenyewe: Bibi Vipimo ndiye aliyeifundisha karakana hii kutengeneza miguu ya bandia. Alikaa nasi miaka sita. Jina ni kwa sababu alipima kila mguu mara tatu, akaandika, kisha akamwomba mgonjwa radhi na kupima tena. Aliondoka miaka minne iliyopita, lakini kazi hakuiacha. Kila mwezi tunampelekea picha za wagonjwa wagumu, naye anajibu: hapa pananyonga, hapa punguzeni, huyu mwacheni apumzike kwanza. Barua zake nazipokea mimi, nazisoma kwa Kiingereza na kuwaambia mafundi kwa Kiswahili. Majibu yao nayaandika mimi. Kwa hiyo yeye ni mwenzetu kazini kama aliye chumba cha pili.

Niliwaambia mafundi. Fundi Mkuu alizima mashine ya kusugulia. Wengine nao wakazima. Nilikuwa sijawahi kuisikia karakana ile ikiwa kimya saa za kazi. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa hadi ndani ya ndoo, tone baada ya tone, na watu wazima saba tunaitazama ndoo.

Fundi Mkuu tunamwita Msumeno. Si kwa sababu ya kazi. Ni kwa sababu ya ulimi. Anakata akienda mbele, anakata akirudi nyuma. Akasema, "Barua naitunga mimi. Wewe utaitia Kiingereza."

Nikasema, "Mzee, si bora niandike Kiingereza moja kwa moja? Iko mifano mingi ya barua za rambirambi, unabadilisha jina tu."

"Nani kakwambia nataka kubadilisha jina? Mimi Kiingereza sijui. Nikilia, nalia kwa Kiswahili. Lete karatasi."

Jumatano, 13 Machi
Msumeno hakufanya kazi nyingine leo. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, kofia kichwani, penseli sikioni, akaandika na kufuta. Saa nane akaniletea. Mwandiko wake ni wa fundi: kila herufi imesimama wima kama imepimwa kwa timazi. Nainakili yote.

"Dada yetu mpendwa,
Tumepokea kwa masikitiko makubwa habari za kifo cha mwanao. Zilitufika asubuhi tukiwa kazini. Tulizima mashine, kisha hatukujua mikono yetu tuiweke wapi.
Pole, dada. Pole sana. Neno hili unalijua. Ulilichukua kwetu, ukawa unamwambia kila aliyeingia mlangoni, hata yule aliyekuja kuuliza njia. Leo tunakurudishia.
Mwanao hatukujaaliwa kumwona kwa macho, lakini kwa kinywa chako tulimjua. Tulijua siku aliyokupigia simu, na tulijua siku aliyokaa kimya, maana siku hiyo ulipima mguu mmoja mara tano. Mtu anayetajwa hivyo na mama yake si mgeni kwetu. Ameondoka kwako, ameondoka na kwetu.
Kazi ya Mungu haina makosa. Sote njia yetu ni hiyo moja. Jikaze, dada.
Tungekuwa karibu, tungekuja tukae nawe. Tusingesema mengi.
Mungu ailaze roho yake mahali pema.
Sisi wenzako wa karakana."

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Miaka kumi na moja nafanya kazi na mtu huyu, sikujua kama ana maneno ya namna hii. Mimi alinipa sentensi moja tu mume wangu alipofariki. Alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa," akageuka, akaenda zake. Nilimchukia kwa sentensi ile. Nadhani bado namchukia kidogo.

Na leo imo humu. Mstari wa kumi na tatu.

Alhamisi, 14 Machi
Nimekaa na barua tangu asubuhi. Nilidhani tafsiri ni kazi ya saa moja. Kumbe kila sentensi ni mgonjwa wa peke yake, lazima umpime.

"Tumepokea kwa masikitiko makubwa" ni rahisi, nao wanayo yao: We were deeply saddened to learn. Imevaa suti kama ile ya kwetu. Nikaiacha iende.

"Pole" ikanikalisha chini. Kiingereza kinatoa neno sorry, na neno hilo limebeba mizigo miwili: pole na samahani. Mtu aliyemkanyaga mwenzake anasema sorry, na aliyekuja msibani anasema sorry. Pole yetu haina hatia ndani yake. Nikaona nisiitafsiri. Nimeandika pole vile vile, kwa kuwa Msumeno mwenyewe ameshasema kwamba Bibi analijua, na sentensi inayofuata inalieleza bila kulieleza. Nimefurahi nalo, kama mtu anaweza kufurahi katika barua kama hii.

"Hatukujua mikono yetu tuiweke wapi" imevuka mto bila kulowa. We did not know where to put our hands. Mafundi wa dunia nzima wataielewa.

"Mungu ailaze roho yake mahali pema" ilinitatiza. Bibi Vipimo hakuwa mtu wa ibada; alikuwa anasema hivyo waziwazi bila kumdharau mtu. Lakini anayeomba hapa ni Msumeno, si yeye. Nimeandika May God rest this dear soul in a good place. Sala ni ya msemaji. Msikilizaji ataipokea kama zawadi hata kama hana pa kuiweka.

Zikabaki "jikaze" na ile sentensi yangu. Nilikuwa na uwezo wa kuzifuta, na hakuna ambaye angejua. Nilishika kalamu juu yake. Halafu nikaona si haki: barua ni ya Msumeno, mimi ni mdomo tu. Nikamfuata kwenye tanuri la kulainishia plastiki.

"Mzee, nina maneno mawili."

"Sema."

"Hii 'jikaze'. Kwa Kiingereza inakuwa kama unamwamuru asilie."

Akafikiri. "Jikaze si amri. Ni kumshika mtu mkono asianguke."

"Basi niandike hivyo? Kwamba kutoka huku tunakushika usianguke?"

"Andika."

"Na hii ya kazi ya Mungu." Nilisikia sauti yangu inabadilika. "Huko kwao mtu akiambiwa kifo cha mwanawe hakina makosa, atasikia kwamba tunamwambia ilikuwa sawa."

Aligeuza plastiki kwa koleo, akaifunika, akavua glavu. Kisha akaniuliza, na hakunitazama, "Wewe umefiwa. Mimi nilikuja kwako nikakwambia neno hilo. Lilikufanya nini?"

Sikutarajia. Nikasema ukweli kabla sijautengeneza. "Lilinikata."

Akatikisa kichwa taratibu. "Baba yangu alipokufa niliambiwa hilo, nikalishika, sikuwa na jingine. Nilikaa nje ya nyumba yako nusu saa nzima natafuta la kwako. Sikupata. Nikakupa langu." Akavaa glavu. "Lifute. La Kiswahili libaki kwenye karatasi yangu, lakini kwake lisiende."

Nikarudi mezani.

Alhamisi hiyo hiyo, jioni
Lipo jambo moja sikumwuliza mtu.

Barua ya Msumeno inasema "mwanao", "alikaa", "roho yake". Kwa Kiswahili inatosha kusema mtu. Kiingereza hakikubali. Kabla hujamwombolezea mtu, kinataka kujua kwanza ni wa kiume au wa kike. Kasuku alisema "mwanawe", akaishia hapo. Bibi ana wawili, wa kiume na wa kike, watu wazima, na majina yao hatukuwahi kuyasikia: alikuwa anasema mkubwa wangu, mdogo wangu.

Nimempigia Kasuku mara sita. Hapatikani. Nimemwandikia, ujumbe haujafika. Nimejaribu kuandika bila kutaja upande wowote. "Your child" nikaiona ya mtoto mdogo, na huyu ni mtu wa miaka thelathini. Nikaondoa kila he na kila she, sentensi zikaanza kuchechemea. Nikaandika "he or she", ikawa fomu ya benki.

Halafu nikakumbuka kwamba aliyekuwa anamtaja sana ni wa kiume. Yule aliyekuwa mgonjwa mgonjwa. Yule ndiye aliyekuwa akikaa kimya.

Binti yangu alisoma rasimu nikipika. "Mama, mbona umeandika son? Hapa kwa Kiswahili haisemi."

"Ni wa kiume."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Koroga hiyo sufuria."

Ijumaa, 15 Machi
Nimeituma saa nne asubuhi, ili imfikie kabla ya mazishi. Mafundi wote walisimama nyuma yangu nikibonyeza. Msumeno aliomba nimsomee Kiingereza chake japo haelewi. Nikamsomea. Akasema, "Inasikika vizuri. Inakwenda taratibu." Kutoka kwa Msumeno hiyo ni nishani.

Jumamosi, 16 Machi
Leo wanazika. Mvua hapa. Sijui kwao.

Jumatatu, 18 Machi
Nikipata nguvu nitaandika.

Jumanne, 19 Machi
Jana saa tano jibu liliingia. Halikutoka kwa Bibi. Limeandikwa na mwanawe wa kiume.

Lilikuwa na mistari minne. Anashukuru kwa barua yetu. Anasema aliyefariki ni dada yake. Anasema yeye ndiye anayemsomea mama yake barua siku hizi, kwa kuwa macho yake yamevimba, na kwamba alianza kuisoma kwa sauti mezani siku ya mazishi asubuhi, akafika "the death of your son" akasimama. Anasema anaelewa kwamba hatukukusudia. Chini ameandika jina la dada yake, kama mtu anayekusahihishia daftari kwa upole.

Nililisoma mara moja tu. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike.

Kijana wa watu amesimama mbele ya mama yake, siku anayomzika dada yake, anasoma barua inayomlilia yeye mwenyewe. Na mama anasikia kifo cha mtoto wa pili kabla hajamweka wa kwanza ardhini. Tofauti ya he na she ni herufi moja. Nilimfuata mwenye barua kumwomba ruhusa ya kufuta sentensi nzima. Ya herufi moja sikumwuliza mtu, kwa sababu nilikuwa sitaki ionekane kwamba sijui.

Kasuku alipatikana jioni. Simu yake ilianguka majini siku ile ile aliyotutumia ujumbe. Nikamsomea barua ya Kiswahili na tafsiri yangu. Hakunilaumu. Alilia tu, akasema, "Ningesema binti. Ningesema neno moja tu, binti."

Jumatano, 20 Machi
Nimemwambia Msumeno. Nilisubiri wengine waende kunywa chai.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa Kiswahili nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote. Nimeisoma tena. Hakuna neno hata moja lisilo la kweli."

"Kwa hiyo barua yangu ilikwenda nzima ikafika imevunjika."

"Ndiyo."

"Ulijua kwamba hujui?"

Ningeweza kusema nilidhani. "Nilijua," nikasema.

Akachukua kofia yake, akatoka nje kwenye mvua. Kofia ilikuwa mkononi, si kichwani.

Alhamisi, 21 Machi
Hasemi nami.

Ijumaa, 22 Machi
Hasemi nami. Mvua.

Jumatatu, 25 Machi
Kazi ni lazima iendelee, kwa hiyo ananiandikia vikaratasi. "Jalada la mama wa goti." "Bendeji zimebaki ngapi." Mwandiko ule ule uliosimama wima. Navihifadhi, sijui kwa nini.

Jumanne, 26 Machi
Nimejaribu kuandika barua ya kuomba radhi. Ya kwanza ilifika kurasa mbili. Nilieleza kwamba lugha yetu haitenganishi wa kiume na wa kike katika kumtaja mtu, kwamba mwana ni mwana, kwamba simu ilikatika, kwamba mtu alizamisha simu, kwamba nilikuwa nawahi mazishi. Nikampa binti yangu asome.

Akasoma hadi mwisho, akaweka chini. "Mama, mtu amefiwa. Wewe unamfundisha sarufi."

Nilitaka kumgombeza. Nikaona hakuna mahali pa kuanzia.

Jumatano, 27 Machi
Ya pili ilikuwa inalia sana. Jinsi ninavyoumia, jinsi silali. Niliposoma nikaona aliyefiwa atalazimika kunibembeleza mimi. Nimeichana.

Alhamisi, 28 Machi
Ya tatu nimeiandika kwa Kiswahili kwanza. Nilikuwa nimesahau kwamba ndivyo Msumeno alivyofanya, na kwamba alikuwa sahihi. Ina sentensi nne.

"Katika barua ya wenzangu niliandika mwanao wa kiume bila kuwa na hakika. Kosa ni langu mimi niliyetafsiri, si la waliotunga. Naomba radhi kwako, na kwa mwanao, kwa maumivu niliyoyaongeza siku ile. Binti yako tunamlilia kwa jina lake."

Katika Kiingereza nimetenganisha mizigo miwili. Kwa kosa langu nimeandika I apologise, na neno sorry sikuligusa kabisa, ili msiba usichanganyike na hatia. Kwa msiba imebaki pole ya barua ya Msumeno. "Mwanao" wa kijana nimeandika your son, safari hii nikiwa na hakika.

Pamoja nayo nimeambatisha tafsiri ya barua ya Msumeno iliyosahihishwa. Daughter. She. Her. Na pale penye "roho yake" nimeliweka jina. Nimelinganisha kila herufi na jibu la kaka yake, mara tatu. Humu daftarini sitaliandika. Si la kwangu.

Kabla ya kutuma niliweka Kiswahili chake juu ya benchi la Msumeno. Nilirudi baada ya saa moja. Pembeni ameandika kwa penseli, "Tuma."

Jumatatu, 8 Aprili
Hakuna jibu. Umbo la mama wa goti limekauka hatimaye. Tuliliweka juu ya tanuri siku mbili.

Ijumaa, 12 Aprili
Hakuna jibu. Msumeno leo amesema "asubuhi njema." Kwa wengine, lakini nami nilikuwemo chumbani.

Alhamisi, 18 Aprili
Mgonjwa mzee amekuja kujaribu mguu mpya, akatembea kati ya vyuma viwili akicheka peke yake. Kwa kawaida tungempelekea Bibi picha. Mafundi walinitazama, nami nikaitazama sakafu. Hatukupiga.

Jumanne, 23 Aprili
Amejibu.

Ni yeye mwenyewe. Nimemjua kwa jinsi anavyoruka mistari. Anasema barua ya pili alisomewa na mwanawe wa kiume, na kwamba huyo kijana alisema, "Angalau sasa nimefufuka." Anasema walicheka, mara ya kwanza tangu Machi, kisha wakaona vibaya kwamba wamecheka. Anasema hana hasira nami, ila hawezi kuniambia kwamba haikuuma, kwa sababu iliuma.

Kisha anaomba kitu. Anataka barua yenyewe. Ya Kiswahili. Anasema Kasuku amemwambia kwamba ndani yake binti yake hakukosewa hata mara moja, na anataka kuisikia ilivyokuwa kabla ya mtu yeyote kuigusa. Anaomba isomwe kwa sauti, na aliyeiandika.

Nilimtafsiria Msumeno kwa mdomo. Alisikiliza amesimama. Nilipofika "kabla ya mtu yeyote kuigusa" nilikaribia kuiruka. Sikuiruka. Tafsiri ni pamoja na yale yanayokupiga wewe mwenyewe.

Msumeno akauliza, "Yote? Hata ile ya kazi ya Mungu?"

"Amesema ilivyokuwa."

"Ile nilishaifuta," akasema. "Nilikuruhusu uifute kwake, baadaye nikaifuta na kwangu." Akanionyesha karatasi. Ni kweli. Mstari wa kumi na tatu umepigwa mstari kwa rula.

Jumatano, 24 Aprili
Tumerekodi. Mashine zote zilizimwa. Mtu mmoja alisimama chini ya paa lile bovu ameweka taulo ndani ya ndoo ili matone yasisikike. Msumeno alisimama, kofia mkononi. Alisoma kama anavyofanya kazi: haharakishi, hapambi. Alipofika "ulipima mguu mmoja mara tano" sauti ilimkatika. Nilinyoosha kidole nisimamishe kurekodi, akanikataza kwa mkono. Akasubiri. Kimya kile kimo kwenye rekodi. Nimekipima, ni sekunde kumi na tisa. Kisha akaendelea hadi mwisho.

Nimeituma bila neno la Kiingereza hata moja.

Ijumaa, 3 Mei
Mvua inapungua. Asubuhi hii jua lilitoka saa nzima, tukaanika maumbo nje ukutani, miguu kumi na mmoja imejipanga kama inasubiri kupokewa.

Saa saba simu ya karakana ililia. Alikuwa Bibi Vipimo. Sauti yake imekuwa nyembamba. Alisema kwa Kiingereza kwamba ameisikiliza kila siku, kwamba haelewi zaidi ya maneno kumi, na kwamba hayo kumi yanamtosha. Akaniuliza kama mzee yupo. Nikaweka simu sauti kubwa katikati ya benchi.

Msumeno alivua kofia, kana kwamba anaonekana. "Pole, dada," akasema.

Bibi ana maneno machache ya Kiswahili, lakini adabu zake tulimfundisha wenyewe. Mtu akikwambia pole, unajibu nimeshapoa. Hata kama mguu umekatika, nimeshapoa. Ndivyo watu wanavyoruhusiana kuendelea na safari. Nilimsikia anavuta pumzi kulitafuta neno, nikajua ndilo analotafuta, nikalisubiri.

Akasema, "Sijapoa."

Hakuna asemaye hivyo. Nimezaliwa katika lugha hii na sijawahi kumsikia mtu akijibu hivyo. Mafundi waliangalia chini. Msumeno alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Basi usiharakishe, dada," akasema.

Nikafungua mdomo nitafsiri. Nilikuwa na maneno matatu tayari, yote mepesi mno. Kabla sijachagua, sauti ile nyembamba ikasema, kwa Kiswahili, "Nimeelewa."

Tulisikia anapumua, naye nadhani alitusikia, hadi simu ikakatika yenyewe.

Wengine wakarudi kwenye mashine. Mimi sikuweza kuondoka pale benchini. Msumeno alikuwa anatafuta penseli yake, iko sikioni mwake. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, na sikuwa nimepanga kusema, "Mzee, hata mimi. Miaka miwili. Sijapoa."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakuona."